Turiu, neturiu: kujitambulisha kwa Kilithuania

Kozi ya Kilithuania huanza kama kozi nyingine za lugha: simama, sema jina lako, umetoka wapi, unaishi wapi, una ndugu gani, unapenda nini. Ni sentensi nane au tisa, na mtu aliyelelewa na Kiswahili hudhani kazi itakuwa kukariri maneno mapya. Maneno yenyewe hayasumbui sana. Kinachosumbua ni kwamba karibu kila nomino atakayoitamka itabidi ibadilike mwishoni, na kila badiliko lina sababu yake.

Tuseme mwanafunzi wetu anaitwa Rehema. Ametoka Tanzania na anasoma udaktari Kaunas, mji wa pili kwa ukubwa nchini Lithuania, ambako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya chenye wanafunzi wengi kutoka nje ya nchi. Utambulisho alioandika daftarini ni huu:

*Laba diena. Mano vardas Rehema. Aš esu studentė iš Tanzanijos. Man dvidešimt metų. Gyvenu Kaune. Studijuoju mediciną ir mokausi lietuvių kalbos. Turiu brolį, bet neturiu sesers. Mano tėvas dirba mokytoju. Mėgstu arbatą.*

Yaani: Habari za mchana. Jina langu Rehema. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kutoka Tanzania. Nina miaka ishirini. Ninaishi Kaunas. Ninasoma udaktari na ninajifunza Kilithuania. Nina kaka, lakini sina dada. Baba yangu anafanya kazi ya ualimu. Ninapenda chai.

Sarufi inaanza kwenye salamu. Neno *diena*, siku, ni la jinsia ya kike, kwa hiyo kivumishi chake ni *laba*. Angekuwa anasalimia asubuhi angesema *labas rytas*, na jioni *labas vakaras*, kwa sababu asubuhi na jioni kwao ni za kiume. Kivumishi kufuata nomino si jambo geni kwetu. Mtoto akiwa mzuri, kitabu huwa kizuri na nyumba nzuri. Ila sisi tunaweka alama hiyo mbele ya neno, wao wanaiweka nyuma. Nasi tuna ngeli nyingi zisizojali mwanamume wala mwanamke, ilhali wao wana jinsia mbili tu, na kila kitu duniani lazima kiingie katika moja: chai ni ya kike, maziwa ni ya kiume, mto wa maji ni wa kike, simu ni ya kiume. Hakuna haja ya kutafuta mantiki yake. Jinsia husomwa kwenye umbo la neno.

Na umbo lenyewe, kwa bahati nzuri, halifichi mengi. Nomino inayoishia na *-as*, *-ys* au *-us* ni ya kiume: *vardas* (jina), *tėvas* (baba), *Kaunas*, *Vilnius*. Inayoishia na *-a* au *-ė* ni ya kike: *diena*, *kalba* (lugha), *arbata* (chai), *studentė*. Penye utata ni *-is*. *Brolis*, kaka, ni wa kiume kama mengi ya kundi hilo, lakini *naktis*, usiku, ni wa kike, na *moteris* ndiyo mwanamke mwenyewe. Majina ya watu nayo yana mambo yake. Rais wa sasa wa Lithuania, Gitanas Nausėda, ana jina la ukoo linaloishia na *-a* na bado ni mwanamume. Mkewe hatumii umbo hilo, yeye ni Diana Nausėdienė, kwa kuwa *-ienė* ni alama ya kawaida ya mwanamke aliyeolewa. Dalia Grybauskaitė, aliyekuwa rais kuanzia 2009 hadi 2019, anabeba *-aitė*, moja ya alama za mwanamke asiyeolewa. Mwisho wa jina ulikuwa unatangaza ndoa ya mwanamke kwa kila anayelisoma, hadi mwaka 2003 wanawake waliporuhusiwa kutumia *-ė* fupi isiyosema lolote kuhusu ndoa.

Kwa Rehema, jinsia inabana hasa pale anaposema yeye ni nani. Kamusi itampa *studentas*, maana kamusi hutanguliza umbo la kiume. Akilichukua lilivyo atakuwa amejitambulisha kama mvulana. Mwanamke ni *studentė*. Mtanzania wa kike ni *tanzanietė*, wa kiume *tanzanietis*. Kiswahili hakituzoeshi kuulizana swali hili. Mwanafunzi ni mwanafunzi, daktari ni daktari. Kwa hiyo ni kosa la wiki za mwanzo, na dawa yake ni kuandika maneno yanayokuhusu wewe katika jinsia yako tangu siku ya kwanza, badala ya kuyanakili kutoka kwenye kamusi.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kilithuania kina kile ambacho wanasarufi wetu hukiita uhusika: mwisho wa nomino hueleza nomino hiyo inafanya kazi gani katika sentensi. Hali hizo ni saba, na Walithuania hufundishwa kuzitambua kwa maswali. *Vardininkas* hujibu swali la nani au nini anayetenda. *Kilmininkas* ni hali ya asili na umiliki. *Naudininkas* ni ya anayepewa au kufanyiwa. *Galininkas* ni ya anayetendwa. *Įnagininkas* ni ya chombo, yaani kwa nini au pamoja na nani. *Vietininkas* ni ya mahali. Ya saba, *šauksmininkas*, ni ya kuita.

Kitabu cha kiada huweka hali zote saba kwenye jedwali, umoja na wingi, kwa kila kundi la nomino. Mtu anafungua ukurasa huo na kuukimbia. Sioni sababu ya kuanzia huko. Rudi kwenye daftari la Rehema uhesabu nomino zake. Za hali ya kwanza, ile ya kamusi, ni tano: *diena*, *vardas*, *Rehema*, *studentė*, *tėvas*. Za *kilmininkas* ni tano vilevile: *Tanzanijos*, *metų*, *lietuvių*, *kalbos*, *sesers*. Za *galininkas* ni tatu: *mediciną*, *brolį*, *arbatą*. Mahali ni moja, *Kaune*, na chombo ni moja, *mokytoju*. Anayepewa yumo kwenye kiwakilishi tu, *man*. Hali ya kuita haikuhitajika. Kumbe hali mbili zimebeba thuluthi mbili za utambulisho mzima, na moja kati ya hizo mbili hujifunzi lolote jipya, kwa kuwa ni neno lilivyo kwenye kamusi. Inayobaki ni *kilmininkas*.

Tuanze na sehemu yake nyepesi, majina ya mahali. Kwa Kiswahili unasema naishi Dodoma, naenda Dodoma, natoka Dodoma, na mji unabaki vilevile. Kitenzi ndicho kinachosema habari yote. Kwa Kilithuania mji wenyewe hubadilika. Rehema anaishi *Kaune*, anasafiri *į Kauną*, na rafiki yake mzaliwa wa huko ametoka *iš Kauno*. Kihusishi *iš*, kutoka, hudai *kilmininkas* kila mara, na *į*, kwenda, katika matumizi haya hudai *galininkas*. Kwa *-as* ya kiume, *kilmininkas* ni *-o*; kwa *-is* ni *-io*; kwa *-us* ni *-aus*, ndiyo maana kutoka Vilnius ni *iš Vilniaus*. Kwa *-a* ya kike ni *-os*, na kwa *-ė* ni *-ės*. Basi *Tanzanija* inakuwa *iš Tanzanijos*, *Kenija* inakuwa *iš Kenijos*, na aliyezaliwa Dodoma ni *iš Dodomos*. Majina yetu hayaachwi nje ya utaratibu huu. Unguja na Pemba kwa pamoja ni *Zanzibaras*, wa kiume, kwa hiyo *iš Zanzibaro*. Mlima wetu ni *Kilimandžaras*.

Mahali pa kuishi ndipo panapotukaribisha zaidi, maana sisi wenyewe tuna *-ni*: mjini, shambani, hospitalini. *Kaune* imejengwa kwa wazo hilohilo, alama ya mahali kubandikwa mwishoni badala ya kutanguliza kihusishi. Tofauti ni mbili. Sisi hatusemi “Dodomani”. Wao hawaachi jina la mji bila alama. Na alama yao si moja. *Kaunas* hutoa *Kaune*, *Vilnius* hutoa *Vilniuje*, mji wa bandari wa *Klaipėda* hutoa *Klaipėdoje*, na *Šiauliai*, ambao jina lake lina umbo la wingi, hutoa *Šiauliuose*. Anayejitambulisha anahitaji moja tu kati ya hizo, ya mji anaoishi. Nyingine zitakuja akihama.

Umri ni sentensi ya ajabu kidogo. Sisi tuna miaka. Mlithuania hana miaka, miaka iko kwake. *Man* ni “kwangu”, halafu idadi, halafu miaka. Lakini umbo la miaka hutegemea idadi. Ishirini kamili, kama kumi, kama thelathini, na kama zote za kumi na moja hadi kumi na tisa, hutaka *kilmininkas* ya wingi: *dvidešimt metų*. Rehema akifikisha ishirini na moja, *metų* inaondoka na kurudi hali ya kwanza: *dvidešimt vieneri metai*. Ataendelea na *metai* hadi ishirini na tisa, kisha akigonga thelathini anarudi kwenye *trisdešimt metų*. Kwa hiyo aliyekariri sentensi ya mwenzake mwenye umri tofauti anaweza kukosea umri wake na sarufi kwa pamoja. Jifunze umri wako, na mwakani uuangalie upya.

Tuje kwenye masomo yake. *Studijuoju mediciną*, ninasoma udaktari. *Mokausi lietuvių kalbos*, ninajifunza Kilithuania. Vitenzi viwili vya kusoma, vilivyokaa sentensi moja, na kila kimoja kinatoa hukumu yake. *Studijuoti* hutaka *galininkas*, ile hali ya anayetendwa, kama tunavyotarajia. *Mokytis* hutaka *kilmininkas*. Hakuna kanuni ya maana itakayokuambia hivyo; ni tabia ya kitenzi, na kitenzi hukaririwa pamoja na tabia yake. *Norėti*, kutaka, ni ndugu yake *mokytis*. Ndiyo maana Rehema anapenda *arbatą*, lakini akiwa mkahawani anataka *arbatos*. Chai ni ileile.

Jina la lugha nalo lina *kilmininkas* ndani yake. *Lietuvių* maana yake “ya Walithuania”, kwa hiyo *lietuvių kalba* ni lugha ya Walithuania. Mmiliki hutangulia, kinyume chetu: kitabu cha Rehema ni *Rehemos knyga*. Na *-ų* ni mwisho unaostahili kupendwa, kwa sababu *kilmininkas* ya wingi huishia hivyo kwa nomino zote, za kiume na za kike. Kuna kitabu cha kiada cha wanaoanza kiitwacho *Nė dienos be lietuvių kalbos*, yaani hakuna hata siku moja bila Kilithuania. Jina hilo lina nomino tatu, na zote tatu ziko katika *kilmininkas*. Mwanafunzi ameshafundishwa hali hiyo hata kabla hajafunua jalada.

Sasa sentensi ambayo ningetaka msomaji aishikilie kuliko zote: *Turiu brolį, bet neturiu sesers.* Kwa Kiswahili, nina kaka, sina kaka. Kitenzi kimegeuka, kaka yuko palepale. Kwa Kilithuania kukanusha kunamgusa na kaka. *Turiu brolį* iko katika *galininkas*. Ukikanusha inakuwa *neturiu brolio*, katika *kilmininkas*. *Turiu seserį*, *neturiu sesers*. (Dada, *sesuo*, ni kati ya nomino chache zenye mwenendo wao wa pekee, zikariri zilivyo.) Vivyo hivyo *mėgstu arbatą*, *nemėgstu arbatos*, *studijuoju mediciną*, *nestudijuoju medicinos*. Hata kutokuwepo kwa mtu hufuata njia hiyo: baba hayupo nyumbani ni *tėvo nėra namie*, ambapo baba, aliyekuwa *tėvas*, ameshakuwa *tėvo* kwa kutokuwepo tu.

Kanuni hii ina mpaka, na wanaoipenda kupita kiasi huuvuka. Kinachobadilika ni kile kilichokuwa *galininkas* kwa kutendwa moja kwa moja. Mahali hapabadiliki: *gyvenu Kaune*, *negyvenu Kaune*. Kazi haibadiliki: *dirba mokytoju*, *nedirba mokytoju*. Na kilichokuwa tayari *kilmininkas* hakina pengine pa kwenda: *mokausi kalbos*, *nesimokau kalbos*. Ukitaka kujipima, chukua sentensi zako zote za kujitambulisha uzikanushe moja baada ya nyingine, hata kama utakuwa unajisingizia. Zile zenye *ą*, *ę*, *į* au *ų* mwishoni mwa anayetendwa zibadilike, zilizobaki zitulie.

Herufi hizo zenye mkia mdogo chini zinahitaji maelezo. Zamani zilikuwa irabu zinazotamkwa kwa pua. Leo hutamkwa kama irabu ndefu za kawaida, lakini mkia umebaki kwenye maandishi na bado una kazi. *Galininkas* ya umoja ya nomino, iwe ya kiume au ya kike, huishia na irabu yenye mkia: *brolį*, *seserį*, *mediciną*, *studentę*, *Vilnių*. Kwenye simu watu huacha mikia kwa haraka, Walithuania wenyewe wakiwemo, na wao huelewana kwa kuwa lugha wanayo kichwani. Mwanafunzi akifanya hivyo anaandika kitu kingine kabisa. *Brolį* bila mkia ni *broli*, ambayo ni hali ya kuita: ee kaka! *Mediciną* bila mkia inarudi kuwa *medicina* ya kamusi. *Lietuvių* bila mkia ni *lietuviu*, pamoja na Mlithuania mmoja wa kiume. Weka kibodi ya Kilithuania kwenye simu kabla hujaandika ujumbe wa kwanza kwa mwalimu.

Sentensi ya baba haichukui muda. *Esu* na *yra*, vitenzi vya kuwa, huacha cheo kama kilivyo: *mano tėvas yra mokytojas*. *Dirbti*, kufanya kazi, hukipeleka cheo kwenye *įnagininkas*: *dirba mokytoju*. Kama mwalimu ni mama, itaandikwa *dirba mokytoja*, na utadhani hakuna kilichotokea. Kimetokea, ni kwamba *įnagininkas* ya *-a* huandikwa sawa na hali ya kwanza.

Baada ya utambulisho mwalimu ataita majina, na hapo ndipo wengine hushtuka. Rehema ana bahati: jina lake linaishia na *-a*, linaingia kwenye kundi la *diena* bila kuguswa, na akiitwa ni *Rehema!* Mwenzake Hassan hana bahati hiyo. Jina la mwanamume linaloishia na konsonanti huongezewa *-as*, kwa hiyo darasani atakuwa *Hasanas*. Anayemwona atasema *matau Hasaną*, na anayemwita atapaza *Hasanai!* Si utani wala dharau. Magazeti ya Lithuania yaliandika *Barakas Obama* kwa miaka minane ya urais wake. Bila mwisho jina lingekaa ndani ya sentensi bila kujulikana linafanya nini, na mpangilio wa maneno hauwezi kumsaidia msomaji sana, maana *Rehema mato Hasaną* na *Hasaną mato Rehema* zote mbili zinasema Rehema anamwona Hassan.

Nomino zinazoishia na *-is* zina njia yao ya kujifichua, nayo pia inapita kwenye *kilmininkas*. *Brolis* hutoa *brolio*. *Naktis* hutoa *nakties*. Ukikuta *-io* nomino ni ya kiume, ukikuta *-ies* kwa kawaida ni ya kike, isipokuwa chache kama *dantis*, jino, ambalo ni la kiume na bado hutoa *danties*. Kwa hiyo unapoandika neno jipya daftarini usiandike umbo moja. Andika mawili: *brolis, brolio*; *arbata, arbatos*; *Vilnius, Vilniaus*. Umbo la pili litakupa jinsia, litakupa kutoka wapi, litakupa cha nani, na litakupa kile usichonacho. Majedwali ya hali saba yatakusubiri; kwa wiki mbili za kwanza fanya jozi hizi, na vitu vilivyo mezani pako uviseme kwa *turiu*, kisha kwa *neturiu*.